Mteja ameandika "mbabula", katalogi haikuleta kitu: mwongozo kamili wa majina ya bidhaa kwenye WhatsApp Business

Wauzaji wa hapa Lubumbashi huniletea simu zao na lalamiko lilelile. Katalogi imejaa, picha nzuri, bei ziko, na bado mteja anaandika: "Mama, uko na mbabula?" Mbabula, yaani jiko la makaa, ziko nne mle ndani. Mteja aliingia, akaandika neno lake kwenye sehemu ya kutafuta, akaona hakuna kitu. Huyo angalau aliuliza. Wasiouliza huwezi kuwahesabu.

Mwongozo huu unahusu jina la bidhaa peke yake. Mfano nitakaoutumia ni wa mama mmoja anayeuza vyombo na vikwembe, yaani vitenge, karibu na soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, mwenye bidhaa 62 kwenye katalogi.

## Vitu vya kuandaa

- Simu ya kazi yenye WhatsApp Business na katalogi yako.
- Simu ya pili yenye namba nyingine na WhatsApp ya kawaida. Ya mtoto wako au ya jirani inatosha.
- Daftari na kalamu.
- Mazungumzo yako ya zamani na wateja. Kama una tabia ya kuyafuta, acha kuanzia leo.
- Jioni mbili na mega kidogo.

Simu ya pili si ya kujivunia. Mwenye katalogi huona vitu ambavyo mteja havioni: bidhaa uliyoificha na bidhaa ambayo bado inakaguliwa. Ukijipima kwenye simu yako mwenyewe utajidanganya.

Kama una bidhaa chini ya 20, funga ukurasa huu ukauze. Mteja wako atateremsha kidole mara tatu na kuona duka zima. Kazi hii ni ya mwenye bidhaa 40, 100, au anayekaribia 500, ambao ndio mwisho wa katalogi moja. Na ujue mpaka wake: utafutaji ninaousema ni wa ndani ya katalogi yako. Humsaidia mtu ambaye tayari ameshafungua duka lako, hauleti mgeni kutoka nje.

## Hatua ya 1: Pima hali ya leo kabla ya kugusa kitu

Chukua simu ya pili. Fungua mazungumzo na duka lako, bonyeza jina la duka juu, ingia kwenye katalogi, kisha bonyeza alama ya lenzi ya kutafuta. Andika maneno kumi, moja baada ya jingine, jinsi mteja angeyaandika. Kando ya kila neno andika kwenye daftari: "lipo" au "hakuna".

Usibuni maneno ya kujipendeza. Yule mama alitaka kuanza na "réchaud à braise", kwa kuwa ndivyo alivyoandika bidhaa yake. Nikamwambia hapana, andika kile ambacho watu wanakuambia ukiwa umekaa dukani.

Maneno yake kumi yalikuwa haya: mbabula, kikwembe, bikwembe, pagne, sahani, assiette, sufuria, thermos, vikombe, sceau. Hilo la mwisho ni kosa la tahajia, lakini mteja mmoja alikuwa ameliandika hivyo hivyo akitaka ndoo, kwa hiyo tuliliacha.

Yaliyopatikana ni mawili: pagne na thermos. Mengine manane yalileta ukurasa mtupu, na kila kitu kilikuwa dukani.

Tulipofungua katalogi kuangalia, sababu ilionekana bila darubini. Mbabula ilikuwa "Réchaud à braise PM". Sahani zilikuwa "Lot vaisselle 6 pcs". Sufuria zilikuwa "Article 31". Vikwembe vilikuwa "Pagne 1" mpaka "Pagne 14". Vikombe nitavirudia kwenye hatua ya 6, maana ugonjwa wake ni mwingine.

Dalili kwamba umefanya sawa: una ukurasa wa daftari wenye maneno kumi na majibu kumi. Usiurarue. Utarudi nao mwishoni.

## Hatua ya 2: Chota maneno kwenye vinywa vya wateja

Programu haijui kwamba mbabula na brasero ni kitu kimoja. Haitafsiri. Inalinganisha herufi alizoandika mteja na herufi ulizoandika wewe. Basi kazi yako ni kujua mteja ataandika herufi zipi, na jibu liko tayari ndani ya simu yako.

Kwenye simu ya kazi, nenda kwenye ukurasa wa mazungumzo yote, bonyeza kutafuta, uandike "uko na". Itakuletea ujumbe wote wenye maneno hayo. Kisha "vous avez". Kisha "bei", "prix", "combien". Kila unapoona mteja ametaja bidhaa, nakili neno lake kwenye daftari vilevile alivyoliandika, na makosa yake. Neno likirudi, weka kijiti kando yake.

Usisahihishe unaponakili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mteja ameandika "termos", muuzaji ananakili "thermos" kwa kuwa anajua ndiyo sahihi. Unayemtafuta ni mteja, si mwalimu.

Kwa mama wa vyombo, mbabula ilipata vijiti 17. Brasero ilipata 5. Jiko lilipata 2. Mtu mmoja wa upande wa Goma aliandika "imbabura". Réchaud haikuwa na hata kijiti kimoja.

Mama hakufurahi. "Sasa unataka niandike mbabula, kama mtu ambaye hakusoma?" Nimeshasikia maneno haya kwa wauzaji wengi, na ninayaelewa. Kifaransa kwenye kibao cha duka kinaleta heshima. Lakini hakuna mtu anayeingia dukani kwake na kusema "bonjour mama, naomba réchaud à braise". Tulikubaliana: Kifaransa kibaki, ila kisikae peke yake.

Dalili kwamba umefanya sawa: kwa kila aina ya bidhaa una maneno mawili au matatu yenye vijiti vingi kuliko mengine. Ukiwa na maneno manane kwa bidhaa moja, chukua mawili ya juu. Yaliyobaki yaache kwenye daftari.

## Hatua ya 3: Uliza katalogi yenyewe, kwa chambo

Kabla ya kubadilisha majina 62, fanya jaribio kwenye bidhaa moja. Chagua inayouzwa kidogo.

Kwenye maelezo yake, si kwenye jina, ongeza neno ambalo halipo popote pengine katika katalogi. Mimi hutumia "kifurukutu". Hifadhi, subiri bidhaa imalize ukaguzi, kisha kwenye simu ya pili tafuta neno hilo. Bidhaa ikitokea, maelezo yako yanasomwa na utafutaji. Isipotokea, jina pekee ndilo linalofanya kazi. Baadaye futa chambo, la sivyo siku moja mteja atakuuliza kifurukutu ni kitu gani.

Kwenye bidhaa hiyohiyo, jaribu mambo mengine mawili.

La kwanza ni neno nusu. Kama jina lina "casseroles", tafuta "cassero". Kama inatokea, utafutaji unakubali mwanzo wa neno, na hilo litakusaidia sana kwenye hatua inayofuata.

La pili ni alama za juu ya herufi za Kifaransa. Kama jina lina "théière", tafuta "theiere" bila alama, halafu "théière" yenye alama. Zikitokea zote mbili, usijisumbue. Ikitokea moja tu, andika ile ambayo wateja wako wanaandika zaidi, na daftari lako linajua ni ipi.

Rudia jaribio hili mara moja moja baada ya programu kusasishwa. Hata kama chambo kimeonyesha kwamba maelezo yanasomwa, mimi huandika majina kana kwamba hayasomwi. Neno ambalo hutaki likose lazima liwe kwenye jina. Maelezo ni akiba.

## Hatua ya 4: Umoja na wingi, mahali Kiswahili kinapotutega

Hatua hii isome polepole. Hapa ndipo watu wanapokwama hata baada ya kurekebisha mengine yote.

Kifaransa huongeza wingi nyuma ya neno. Assiette, assiettes. Casserole, casseroles. Seau, seaux. Ukiandika wingi, umoja uko tayari ndani yake, kuanzia herufi ya kwanza: "assiettes" imebeba "assiette" nzima. Kama jaribio la neno nusu limekubali, mteja akitafuta umoja, anapata. Akitafuta wingi, anapata. Lakini ukiandika umoja, "assiette", mteja aliyeandika "assiettes" ana herufi moja zaidi ambayo jina lako halina. Kwa hiyo kwa maneno ya Kifaransa kanuni ni nyepesi: andika wingi.

Kiswahili hubadilisha neno mbele. Kikombe, vikombe. Kijiko, vijiko. Kikwembe, vikwembe, na kwa vinywa vya kwetu, bikwembe. Hakuna hata umbo moja lililobeba jingine. Aliyeandika "bikwembe" hatapata "kikwembe", na aliyeandika "kikwembe" hatapata "bikwembe". Wengine huniambia, "lakini yaya, 'kwembe' iko ndani ya yote!" Kweli, ila hakuna mteja anayeandika "kwembe". Anaandika neno zima, na neno zima ndilo linalotafutwa.

Basi kwa maneno ya ki- na vi-, jina linahitaji maumbo mawili. Ukiyabandika tu pamoja, "kikwembe vikwembe bikwembe", jina linakuwa kama kelele za mchuuzi wa stendi na mteja hajui unauza nini. Dawa ni kuyaweka kwa namna ambayo kila umbo linamwambia mteja jambo.

Kitambaa cha yadi 6 kinatoa vikwembe vitatu vya yadi 2. Kila mama anajua hesabu hiyo. Kwa hiyo badala ya "Pagne 7" tuliandika:

"Bikwembe 3 wax bleu, pagnes, kikwembe yadi 2"

Hapo kuna wingi, umoja na Kifaransa, na mteja amejua anapata vipande vingapi na kila kimoja kina urefu gani. Vikombe ni vilevile: "Vikombe 6 tasses, kikombe cha chai". Idadi inabeba wingi, sifa inabeba umoja.

Swali linalofuata ni vi- au bi-. Usichague kwa kitabu cha sarufi, chagua kwa vijiti vya daftari. Kwa mama huyu vikwembe ilikuwa na vijiti vichache mno, bikwembe ilikuwa na vingi, tukaandika bikwembe. Kwa vikombe ilikuwa kinyume, na sijui kwa nini, labda kwa sababu wanaovinunua ni watu wa harusi na wanaandika kwa adabu.

Maneno yasiyobadilika, kama sahani na thermos, hayana shida hii. Furahia na uendelee.

## Hatua ya 5: Jenga jina

Sasa una vifaa vyote. Mpangilio ninaoutumia ni huu: neno lenye vijiti vingi, kisha neno la pili la lugha nyingine, kisha kile kinachotofautisha bidhaa hii na ndugu zake.

Neno kuu linatangulia kwa sababu ya jicho. Kwenye orodha, jina refu hukatwa na kuishia kwenye nukta tatu. Ukianza na "Nouvel arrivage, super qualité, promotion ya mwisho wa mwezi", mteja ataona "Nouvel arrivage, super…" kwenye bidhaa kumi mfululizo na hataelewa hata moja.

Sifa ya kutofautisha ni kwa ajili ya mteja ambaye ameshapata. Akitafuta mbabula na zikatokea nne, zote zikiwa "Mbabula brasero", umemwondoa kwenye tatizo moja ukamtia kwenye jingine. Jiulize: mbabula hizi nne zinatofautianaje mtu akizishika? Kwa mama ilikuwa ukubwa na udongo wa ndani. Zikawa:

"Mbabula brasero ndogo, bati"

"Mbabula brasero kubwa, bati"

"Mbabula brasero ndogo, udongo ndani"

"Mbabula brasero kubwa, udongo ndani"

Sahani zilizokuwa "Lot vaisselle 6 pcs" zikawa "Sahani 6 assiettes blanches, bapa". Zile "Article 31" zikawa "Sufuria casseroles alumini, seti ya 5". Ndoo ikawa "Ndoo seaux plastiki, lita 10, na kifuniko".

Mambo matatu usiyatie kwenye jina.

Bei. Ina mahali pake, na hapa kwetu bei ya franka inatembea na dola. Ukisahau kubadilisha jina, mteja atakushikilia kwa bei ya mwezi uliopita, na atakuwa na haki.

Jina la kampuni isiyotengeneza bidhaa hiyo. Wako wanaoandika jina kubwa la thermos kwenye thermos ya kawaida ili itokee kwenye utafutaji. Mteja anafungua sanduku, anaona jina jingine, na bidhaa inaweza pia kukataliwa kwenye ukaguzi.

Namba ya mfululizo. "Pagne 7" ni lugha yako wewe na daftari la stoku. Namba hiyo iandike kwenye sehemu ya msimbo wa bidhaa, ambayo kwenye simu ya Kifaransa imeandikwa "Code de l'article".

Dalili kwamba umefanya sawa: msomee jina mtu ambaye hajaona picha, kisha mwombe akuambie kitu hicho ni nini. Akiuliza swali moja tu la ukubwa au rangi, ongeza hiyo. Akicheka, umebandika maneno mengi mno.

## Hatua ya 6: Safisha herufi zenyewe

Sasa vikombe. Jina lake kwenye skrini lilionekana hivi: "𝓥𝓲𝓴𝓸𝓶𝓫𝓮 𝓭𝓮 𝓵𝓾𝔁𝓮". Kwa jicho lako ni "Vikombe de luxe" kwa mwandiko wa harusi. Kwa programu ni alama nyingine kabisa, ambazo asili yake ni za hesabu. "V" ya mapambo na "V" ya kibodi ni vitu viwili. Mteja anayeandika "vikombe" kwa kibodi ya kawaida huenda asiione bidhaa hiyo, kama ilivyokuwa kwa mama huyu.

Binti yake alikuwa amepakua kibodi ya maandishi mazuri na kupamba bidhaa tisa. Hakuna aliyejua kosa liko wapi, maana kwa macho neno lilikuwa sahihi herufi kwa herufi.

Jinsi ya kutambua: bonyeza jina, ulifute lote, uliandike upya kwa kibodi ya kawaida. Kunakili na kubandika jina lilelile hakusaidii, unahamisha ugonjwa tu. Ukiona maandishi yako mapya hayafanani na ya zamani, yale ya zamani yalikuwa mapambo.

Wakati huo huo ondoa nafasi kati ya herufi, kama "P A G N E", na nyota au mioyo iliyobanwa katikati ya neno. Nyota mwishoni mwa jina haiui mtu, ingawa mimi ningeitoa.

Na jina lililoandikwa juu ya picha usilihesabu. Wako wanaotengeneza picha nzuri yenye "BIKWEMBE BEI CHEE" kwa herufi kubwa, kisha kwenye sehemu ya jina wanaweka nukta. Yale ni rangi kwenye picha. Hayasaidii kutafuta.

## Hatua ya 7: Ingiza kumi kwanza

Kwenye simu ya Android iliyo kwa Kifaransa, bonyeza vidoti vitatu juu, kisha "Outils professionnels", kisha "Catalogue". Kama toleo lako lina kitufe cha "Outils" chini ya skrini, pitia hapo. Fungua bidhaa, bonyeza kurekebisha, badilisha jina, hifadhi.

Anza na bidhaa kumi zinazoulizwa zaidi, si zote 62. Sababu ni kwamba kama umekosea mpangilio, utarekebisha kumi. Mama alitaka kumaliza usiku huohuo, nikamzuia. Kesho yake alibadili mawazo kuhusu "bati" na "chuma" kwenye mbabula, na hakulazimika kurudia kazi ya usiku mzima.

Bidhaa uliyoibadilisha inaweza kupitia ukaguzi tena kabla ya mteja kuona jina jipya. Usianze kupiga kelele baada ya dakika mbili. Kunywa chai.

## Hatua ya 8: Pima tena kwa maneno yaleyale

Rudi kwenye ukurasa wa hatua ya 1. Simu ya pili, maneno yaleyale kumi, bila kubadilisha hata moja. Kabla ya kuanza, funga katalogi kabisa uifungue upya, ili simu isikuonyeshe majina ya jana.

Kama neno bado linaleta ukurasa mtupu, tafuta chanzo kwa utaratibu huu:

1. Fungua bidhaa kwenye simu ya pili kwa kuteremsha orodha. Haionekani kabisa? Imefichwa au bado inakaguliwa. Jina halina kosa.
2. Inaonekana lakini kwa jina la zamani? Simu haijapokea mabadiliko. Subiri, washa upya.
3. Inaonekana kwa jina jipya na bado haitafutiki? Andika jina upya herufi kwa herufi. Karibu kila mara ni herufi ya mapambo au nafasi iliyojificha katikati.
4. Umbo moja linapatikana na jingine hapana? Rudi hatua ya 4.

Ukitafuta "mbabula" zikaja mbabula nne na kila moja inatambulika bila kufunguliwa, umefika. Ikija moja tu kati ya nne, umesahau kubadilisha tatu. Zikija mbabula na vitu vingine kumi visivyohusika, umejaza maneno ya kuvutia kwenye majina ya bidhaa nyingine. Hiyo ndiyo hasara ya kuandika "mbabula" kwenye jina la sufuria kwa tamaa ya kuonekana.

Mama alipopima jioni ya pili, maneno tisa kati ya kumi yalileta bidhaa. Lililobaki ni "sceau".

Tulibishana kidogo juu yake. Yeye alitaka kuliandika kwenye jina, kwa kuwa mteja ni mfalme. Mimi nilikataa, kwa sababu "sceau" kwa Kifaransa ni mhuri, na mteja anayejua kuandika atacheka duka. Pia Kifaransa kina njia nyingi za kukosea sauti moja: so, sau, sceau, sceaux. Huwezi kuziandika zote. Kiswahili kinaandikwa jinsi kinavyosemwa, na "ndoo" ina njia chache za kukosewa. Ndiyo maana "ndoo" imetangulia kwenye jina, na "sceau" tuliipeleka kwenye maelezo, mwishoni kabisa, ambapo haimsumbui mtu.

Bidhaa 52 zilizobaki alizimaliza mwenyewe ndani ya wiki, saba au nane kila jioni baada ya kufunga. Daftari limening'inia kwa uzi kando ya mizani. Mara ya mwisho nilipopita lilikuwa na neno jipya lenye vijiti vinne: "jiko ya gaz". Hiyo hakuwa nayo dukani, na tayari alikuwa anauliza bei yake kwa watu wa Kasumbalesa, kule mpakani.